Kusafisha Picha ya Ujauzito Bila Kulifanya Tumbo Liwe Bapa

Wateja wengi wa picha za ujauzito hapa Moshi husema jambo moja wakati wa kulipa: "Nisafishe, lakini nibaki mimi." Wapigapicha wengi wanadhani wakijiepusha na Liquify ya Photoshop basi umbo la mama limesalimika. Si kweli. Umbo la tumbo kwenye picha linatokana na mwanga unaofifia taratibu kuelekea kivulini. Ukikisawazisha kivuli hicho pamoja na rangi ya ngozi, tumbo linakuwa bapa kama chapati, hata kama hukusogeza mstari wowote wa mwili.

Kwa hiyo mimi hutenganisha kazi mbili: rangi peke yake, mwanga peke yake.

Chukua picha moja niliyopiga saa kumi jioni kwenye bustani ya nyumba moja Shanty Town. Mama alisimama ubavu kwenye majani, jua likimpiga kutoka kushoto, tumbo wazi. Mashavuni alikuwa na madoa ya ujauzito, na chini ya tumbo na kidevu ngozi ilikuwa imeingia ukijani, maana majani yalirudisha mwanga juu. Halafu alikuwa amejipaka mafuta ya nazi, kwa hiyo juu ya tumbo kulikuwa na mng'ao mweupe uliokata macho.

Nilianza na mwanga kwenye Camera Raw: Highlights nikashusha hadi -30, Shadows nikapandisha hadi +12 tu. Hapo ndipo vijana wanapoteleza. Wanapandisha Shadows hadi +60 ili "ngozi ing'ae", na upande wa kivuli wa tumbo unapotea.

Kisha rangi. Ndani ya Photoshop nafungua leya tupu, naiweka kwenye Color. Leya ya namna hii hubadilisha rangi bila kugusa weupe na weusi wa picha, kwa hiyo mviringo wa tumbo unabaki palepale. Nachota rangi ya ngozi safi karibu na sehemu yenye tatizo, nachukua brashi laini, Flow asilimia 8, napitisha polepole kwenye ule ukijani. Chota mara mbili: rangi moja kwa upande wa mwanga, nyingine kwa upande wa kivuli. Ngozi yetu ikiwa kivulini huwa na rangi nzito zaidi, nyekundu au kahawia iliyokolea. Ukipaka rangi ya upande wa mwanga huko, inatoka kijivu, kama mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Ukiona umajivu, futa uchote upya. Mwisho napunguza Opacity ya leya hadi karibu asilimia 60, rangi ya asili ichungulie.

Madoa ya mashavuni yana rangi na giza pia, kwa hiyo Color haitoshi. Hapo naongeza leya ya Curves iliyopandishwa kidogo, naigeuza maski yake iwe nyeusi kwa Ctrl+I, halafu napaka nyeupe juu ya doa kwa brashi ndogo, Flow asilimia 3 au 4. Inachosha, ndiyo. Lakini vinyweleo na vitundu vya ngozi vinabaki, tofauti na zile filta za simu zinazomfanya mama awe sanamu ya dukani.

Ule mng'ao wa mafuta niliupunguza kwa leya tupu ya Darken, nikichota rangi ya pembeni yake. Niliupunguza tu, sikuufuta, kwa sababu ndio unaoliambia jicho kwamba hapo tumbo limejitokeza.

Mistari ya ngozi na ule mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni siondoi bila mteja kusema. Alama ya lastiki ya sketi naifuta, maana ingetoweka yenyewe baada ya muda. Afadhali zaidi mwambie avae dera mapema kabla ya kupigwa, utajiokolea kazi.

Mume wa mama huyo naye aliniomba nipunguze mikono ya mkewe. Nikamwambia, "Shemeji, tumuulize mwenyewe kwanza." Mwenyewe akakataa, tukaendelea.

Kabla ya kutuma, juu ya leya zote naweka ya Black & White kwa muda. Bila rangi utaona mara moja kama kivuli cha tumbo bado kinashuka taratibu au kimekatika mabaka. Kisha naipunguza picha hadi iwe na ukubwa wa kidole gumba. Kama tumbo na mkono ulioshikilia juu yake bado vinatofautiana, naondoa ile leya ya ukaguzi na kuhifadhi. Kama vimeungana, naongeza leya nyingine ya Curves ya kushusha kivuli, siendi kwenye Liquify.