Mtaalamu wa mionzi akipata ujauzito: mpangilio wa zamu

Dada yetu wa eksirei, pamoja na mkuu wako wa kitengo,

Kwanza taarifa itolewe kwa maandishi, yenye tarehe, mara tu ujauzito unapojulikana. Kuanzia hapo kipimo cha mionzi anachopata mtoto aliye tumboni hakitakiwi kuzidi milisivati 1 kwa muda wote uliobaki. Mkuu, taarifa hiyo si sababu ya kumwondoa dada kazini. Mpangie upya kazi zake.

Chukulia hospitali ya wilaya mkoani Mtwara yenye wataalamu wawili tu. Picha za kawaida za kifua na mifupa dada anaweza kuendelea kupiga, mradi asimame nyuma ya kizuizi chenye risasi na mlango uwe umefungwa. Joto la huku huwafanya watu wauache mlango wazi ili upepo upite, na mionzi inayotawanyika kutoka kwa mgonjwa hupita hapohapo. Feni iwekwe ndani ya chumba cha kuendeshea mashine.

Kazi za kumwondolea ni tatu: kumshika mgonjwa wakati wa picha, eksirei ya kuhamishika wodini, na ile ya chumba cha upasuaji inayowashwa kwa muda mrefu. Mtoto aliyevunjika mkono akiletwa usiku, ashikwe na ndugu aliyevaa aproni ya risasi, mikono yake ikiwa nje ya eneo linalopigwa. Kabla ya hapo muulizeni mama wa mtoto kama naye si mjamzito. Swali hili husahaulika sana. Mwenzake akiwa likizo na picha ya wodini haikwepeki, dada avae aproni na avute waya wa kitufe hadi mwisho. Kutoka mita 1 hadi mita 2, mionzi hupungua hadi robo hivi. Zamu zinazobaki apewe ultrasaundi, ambayo haina mionzi hii.

Sasa beji za kupima mionzi. Ile ya kifuani ibaki, na ombeni ya pili ya kuvaliwa tumboni, chini ya aproni. Beji iliyo juu ya aproni haisemi mtoto amepata nini: inaweza kusoma mara nyingi zaidi ya kipimo chake. Hata ya tumboni husoma ngozi, na kwa eksirei za uchunguzi mtoto hupata takribani nusu. Ikisoma milisivati 0.3 kwa miezi mitatu, hesabuni kama 0.15.

Ikija 0.8 ghafla, msimtuhumu dada wala msimtishe. Angalieni kwanza aproni inatundikwa wapi: beji ikisahaulika juu yake ndani ya chumba cha eksirei, inapigwa kila picha wakati mwenyewe yuko nyumbani. Kama beji ilikuwa mwilini kweli, pitieni daftari la zamu za kipindi hicho, mtafute picha za wodini alizopiga, na hizo zihamishwe kwa mwenzake siku hiyohiyo.