Kaka, usishuke naye Mapipa

"Wakuu, kuna dada napanda naye mwendokasi Kimara Mwisho kila asubuhi, anashuka Magomeni Mapipa. Hatujawahi kuongea. Kesho nataka nishuke naye nimwambie huwa namwona. Nianzeje, na nivae nini?"

Usishuke. Nimesoma hapo roho ikaniuma, maana mimi nilishuka.

Na kilichoharibu zaidi ni maneno niliyoanza nayo: "Samahani dada, huwa nakuona, unashukaga hapa, jana hukuja." Nilidhani naonyesha kujali. Alichosikia yeye ni kwamba kuna mwanaume asiyemfahamu anajua kituo chake, saa yake na siku aliyokosekana. Akavuta mkoba mbele ya kifua, akasema "sawa kaka", badala ya kutoka nje akaenda kusimama kwa mlinzi wa getini. Kwenye foleni ile ya asubuhi sikumwona tena. Dada wa watu kabadilisha safari ya kazini kwa sababu yangu! Aliyenidanganya ni mmoja wa hawa wanaojiita walimu wa mapenzi, wanauza masomo kwenye magrupu ya simu: "Usisite, mfuate." Anakula hela za vijana kwa kuwafundisha kutisha watu, na hilo linanikera mpaka leo.

Wewe umemzoea kwa macho, lakini yeye huenda hajakutambua hata kidogo. Kwa hiyo chochote unachokijua juu yake, usikitaje mpaka yeye akitaje kwa mdomo wake. Kituo, saa, nywele mpya, vyote meza.

Anza na salamu, tena kwenye foleni, siyo ndani ya basi mmebanana hana pa kusogea. Na usimsalimie yeye peke yake. Waambie waliosimama karibu "habari za asubuhi", yule mama wa mbele yako mpe shikamoo yake. Kisha sikiliza dada anavyoitikia. Akisema "salama" akarudi kwenye simu, ya leo imeisha, geuka mbele. Akisema "salama, za kwako?" hapo kakurudishia, lakini bado usirukie namba ya simu. Acha salamu izoeleke. Siku akikuwahi yeye kukusalimia, au akikutikisia kichwa kwa mbali, ndipo utaje jambo mnaloliona wote: basi limepita limejaa, kadi imegoma getini. Akiongeza la kwake, ongeeni. Akijibu neno moja, nyamaza. Akihamia kusubiri mlango mwingine, hilo nalo ni jibu, usimfuate huko.

Jina muulize baada ya kutaja lako. Na hata siku akikwambia mwenyewe kwamba anashuka Mapipa, muage, wewe baki kwenye basi mpaka unakokwenda.