Kichwa kinachorudi kila dawa inapoisha nguvu

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 36. Nina kipandauso tangu usichana, lakini zamani kilinijia mara mbili tatu kwa mwezi. Tangu mwaka jana naumwa kichwa karibu kila siku, na siwezi kuingia darasani bila kumeza Panadol Extra mbili. Hali ikiwa mbaya naongeza diklopa. Muuza duka la dawa ameniambia kuwa dawa zenyewe ndizo zinazoniumiza kichwa. Inawezekanaje, na nikitaka kuziacha nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, huyo muuza dawa huenda amesema kweli, na ni mtu wa kushukuriwa, maana ushauri wake unampunguzia mauzo. Dawa za kutuliza maumivu zikitumiwa siku nyingi mno huweza kuleta maumivu yale yale zilizokusudiwa kuyaondoa. Jambo hili humpata mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa kichwa, hasa kipandauso. Anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya goti, na ambaye hana historia ya kuumwa kichwa, kwa kawaida hapatwi nalo. Katika ubongo wenye kipandauso, dawa za kila mara hudhoofisha uwezo wa asili wa kuzuia maumivu, hata uchovu kidogo au jua la mchana, ambavyo zamani visingekusumbua, sasa vinatosha kukiamsha kichwa.

Ili kulitambua tatizo hili tunahesabu siku, wala si vidonge. Aliyemeza vidonge sita Jumamosi moja ametumia dawa siku moja tu, ilhali anayemeza kimoja kila asubuhi ana siku 30 kwa mwezi, ingawa hujiona ni mtu wa kiasi. Tunalishuku pale kichwa kinapouma siku 15 au zaidi kwa mwezi na dawa zimekuwa zikitumika kupita kiasi kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa parasetamoli tupu, aspirini au aibuprofeni, kupita kiasi ni siku 15 au zaidi kwa mwezi. Kwa dawa zilizochanganywa na kafeini au kodeini, na vilevile kwa tramadoli na triptani, yaani dawa maalumu za kutuliza kipandauso, ni siku 10 tu.

Sasa tuipime wiki yako. Panadol Extra ina miligramu 500 za parasetamoli na miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge, kwa hiyo kikomo kinachokuhusu ni kile cha siku 10. Ukimeza kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, umeshafika siku 20 au zaidi kwa mwezi kabla hatujaigusa Jumamosi. Diklopa uliyoongeza siku zilezile haizidishi hesabu ya siku, lakini ina lake: ndani yake mna diklofenaki pamoja na parasetamoli, kwa hiyo siku hizo unakunywa parasetamoli mara mbili bila kujua, na diklofenaki inaelemea tumbo na figo. Parasetamoli kutoka dawa zote kwa jumla isizidi gramu 4 kwa saa 24.

Ziko dalili nyingine za kujichunguza. Wengi huamka alfajiri kichwa tayari kinauma, kwa kuwa usiku kiwango cha dawa na kafeini mwilini kimeshuka. Maumivu hubadilika sura: badala ya kugonga upande mmoja pamoja na kichefuchefu, huwa ni uzito wa kichwa kizima usiokatika. Na dawa iliyokuwa ikikupa nafuu ya siku nzima sasa hudumu saa chache.

Kabla ya kuyapachika yote kwenye dawa, hakikisha huna dalili za hatari. Maumivu makali yaliyolipuka ghafla, homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa, kupungua kwa uwezo wa kuona, au kichwa kinachouma wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua, vyote vinahitaji hospitali siku hiyohiyo. Mtu anayeishi na VVU mwenye kichwa kisichotulia naye achunguzwe homa ya uti wa mgongo bila kuchelewa.

Habari njema ni kwamba dawa unazotaja zinaweza kusimamishwa kwa siku moja, bila kupunguza kidogo kidogo, na mimi hupendelea njia hiyo, kwa sababu anayepunguza mara nyingi hurudi alikotoka. Ingekuwa tramadoli, kodeini au dawa za usingizi za kila siku, jibu lingekuwa tofauti: hizo hupunguzwa kwa wiki kadhaa chini ya daktari, kwani mwili umezizoea na kuzikata ghafla kunaweza kudhuru.

Anza kwa kumwona daktari ili apime shinikizo la damu, damu na figo, kwa sababu ya diklofenaki, na ahakikishe huna mimba. Wakati huohuo anaweza kukuanzishia dawa ya kinga, ambayo hunywewa kila siku ili kupunguza mashambulizi. Mara nyingi huwa ni amitriptilini, kuanzia miligramu 10 usiku na kupandishwa polepole, au propranololi, ambayo haimfai mwenye pumu. Kisha chagua tarehe. Kwa mwalimu, mwanzo wa likizo unafaa kuliko wiki ya mitihani.

Tarajia kichwa kuuma zaidi kabla ya kupoa. Kwa kawaida hali hiyo hudumu kati ya siku 2 na 10, pamoja na kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu na hasira za karibu. Ukosefu wa kafeini huanza kusikika ndani ya saa 12 hadi 24, kwa hiyo chai yako ya kawaida usiiongeze wala usiikate siku hiyohiyo, na vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Kwa kichefuchefu daktari anaweza kukupa metoklopramidi kwa siku chache. Wapo wanaotoa naproksini kama daraja la muda, ila kwako ningesita, kwa kuwa ni ya jamii moja na diklofenaki uliyokwisha kuizoea. Mpango huharibika hasa siku ya tatu au ya nne, pale ndugu mwenye huruma anapokupeleka kuchomwa sindano ya diklofenaki au kukununulia tramadoli. Waeleze nyumbani mapema, na ukitapika hadi maji hayakai, nenda kituo cha afya.

Baada ya hapo nafuu huja taratibu, na tathmini ya haki hufanywa baada ya miezi miwili. Kipandauso chako cha asili hakitaondoka. Kinachotarajiwa ni kirudi kwenye zile mara mbili tatu kwa mwezi. Kikija, meza mapema na kwa dozi kamili, kwa mfano parasetamoli gramu 1, au aibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula ikiwa figo na tumbo viko salama, na siku za dawa zisizidi mbili kwa wiki. Weka kalenda ukutani na utie alama mbili tofauti, moja ya siku ya kichwa na nyingine ya siku ya dawa. Wengi wanaorudia hurudia ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo alama za dawa zikifika nane katika mwezi mmoja, mrudie daktari mwezi huohuo akaongeze au kubadilisha dawa ya kinga.