Kuchelewa sindano ya miezi mitatu msimu wa korosho: wiki nne zinahesabiwaje

*"Nilichomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu Jumatatu tarehe 5 Agosti, nikaambiwa nirudi tarehe 4 Novemba. Niko shambani huku Tandahimba tunaokota korosho, na kurudi nyumbani ni mpaka mwisho wa mwezi. Karatasi niliyopewa inasema mwisho wa kuchelewa ni wiki nne, lakini jirani ananiambia ukichelewa hata siku moja mimba inaingia. Isitoshe tangu nichomwe natokwa na matone ya damu, naye anasema hiyo ni dalili kwamba dawa imekwisha. Nifuate lipi?"*

Fuata karatasi, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi mkunga, na kwa miaka mingi nimewachoma sindano hii akina mama wa upande wa Newala na Masasi. Swali lako hunijia kila mwaka kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kuanguka na watu wanapohamia mashambani.

Tuanze na tarehe zako. Sindano ya miezi mitatu, ambayo wengi tunaiita Depo, hurudiwa kila baada ya wiki 13, na kwa kuwa wiki 13 ni siku 91 kamili, siku ya kurudi huangukia siku ileile ya juma uliyochomwa. Wewe ulichomwa Jumatatu, kwa hiyo tarehe yako ni Jumatatu ya 4 Novemba, na hapo aliyekuandikia kadi hakukosea. Kutoka tarehe hiyo unaweza kurudi nyuma wiki mbili, yaani ungeweza kuchomwa mapema tangu tarehe 21 Oktoba bila tatizo lolote. Unaweza pia kwenda mbele wiki nne, yaani hadi Jumatatu ya tarehe 2 Desemba. Ukifika zahanati siku yoyote ndani ya muda huo unachomwa palepale, huhitaji kipimo cha mimba, huhitaji kusubiri hedhi, wala huhitaji kutumia kondomu kama kinga ya ziada. Ukirudi tarehe 27 Novemba utakuwa umechelewa siku 23, na bado uko ndani ya muda.

Kuna muuguzi anayeweza kukuambia kwamba mwisho ni wiki mbili, naye hazushi. Mwongozo wa zamani ndivyo ulivyosema, na ni mwaka 2008 ndipo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipoupanua muda huo kwa Depo kutoka wiki mbili hadi nne. Sababu iko katika dawa yenyewe. Sindano hii ni chembechembe ndogo sana za homoni zilizochanganywa kwenye maji, ndiyo maana kichupa hutikiswa vizuri kabla ya kuvutwa dawa. Chembe hizo hukaa kwenye msuli na kuyeyuka polepole, hivyo kiasi cha dawa mwilini hupungua kidogo kidogo na hakikatiki siku ya 91 kama taa inayozimwa. Hii pia ndiyo sababu tunakukataza kusugua au kukanda mahali ulipochomwa, kwa kuwa kusugua huiharakisha dawa kuyeyuka nawe unataka idumu.

Wiki nne hizo ni akiba ya dharura, ya mvua, ya ugonjwa na ya msimu kama huu. Usizigeuze kuwa ratiba yako mpya, kwa sababu anayezoea kurudi siku ya mwisho atazuiwa siku moja na gari bovu na atakuwa nje. Hakikisha pia kwenye kadi kwamba ulichochomwa ni sindano ya miezi mitatu. Ipo ya miezi miwili, ambayo hurudiwa kila wiki 8, na kuchelewa kwake kunakoruhusiwa ni wiki mbili tu. Ile sindano ndogo ya miezi mitatu inayochomwa chini ya ngozi inafuata hesabu ileile ya Depo ya kwenye msuli.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nilichukulie suala hili kwa uzito. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, alikuja dada aliyekuwa amechelewa siku 12 kwa sababu ya kuuguza mtoto. Aliyekuwa zamu alimtazama, akamwambia, "Nenda, ukiona siku zako ndipo urudi nikuchome." Yule dada alikuwa kwenye sindano mwaka wa pili na hakuwa amepata hedhi kwa miezi mingi, kama inavyowatokea wengi wanaotumia Depo. Alirudi nyumbani kungoja damu ambayo haikuwa na sababu ya kuja, akapitisha wiki zake nne akiwa anangoja, na aliporudi kwetu baada ya miezi kadhaa alikuja kuanza kliniki ya ujauzito ambao hakuupanga. Kadi yake niliishika mwenyewe: ilikuwa na mstari mmoja tu wa penseli ulioandikwa "miezi 3", bila tarehe ya kurudi wala tarehe ya mwisho. Tangu hapo karatasi ninayompa mteja naiandika kwa kalamu ya wino, na ina tarehe nne: siku aliyochomwa, siku ya mapema kabisa anayoweza kurudi, siku yake hasa, na siku ya mwisho. Ukiambiwa ungoje hedhi wakati uko ndani ya muda, onyesha tarehe zako kwa adabu na uombe kuonana na mratibu wa uzazi wa mpango wa kituo, kwa sababu kungoja hedhi si sharti la kurudia sindano.

Tuseme sasa shamba limekubana na umefika tarehe 12 Desemba, siku kumi nje ya muda. Hapo hesabu inabadilika, ila hufukuzwi. Muuguzi atakuuliza kama tangu tarehe 2 Desemba umekutana na mwenzio bila kinga. Ukiwa hujakutana naye, au mlitumia kondomu kila mara, unachomwa siku hiyohiyo, kisha unatumia kondomu au unajizuia kwa siku 7 hadi dawa ikamate. Ukiwa mmekutana bila kinga, sema ukweli na usione haya, kwa sababu jibu lako ndilo linaloamua hatua inayofuata. Kama ni ndani ya siku 5 zilizopita, vidonge vya dharura bado vinaweza kusaidia, na kadiri vinavyomezwa mapema ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi. Utapimwa mkojo pia, lakini elewa kwamba kipimo kinachoonyesha hakuna mimba leo hakiwezi kuona mimba ya juzi. Kwa hiyo utapewa kondomu na kuombwa urudi kupima tena baada ya wiki tatu au nne. Ikitokea umechomwa na baadaye ikagundulika mimba ilikuwa imeshaingia, dawa hii haijulikani kumdhuru mtoto aliye tumboni wala kuitoa mimba, kwa hiyo usikimbilie kufanya jambo la hatari kwa hofu hiyo.

Kuhusu matone, jirani yako amekosea, ingawa ni kosa ninalolisikia karibu kila siku. Damu hiyo haipimi nguvu ya dawa. Sindano huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba, na miezi ya mwanzo utando huo hubanduka vipandevipande bila mpangilio. Leo unaona matone kwenye chupi, kesho hakuna, keshokutwa unavaa pedi. Kwa wengi hali hii hupungua kadiri sindano zinavyofuatana, hadi kufikia mwaka mmoja ambapo karibu nusu ya watumiaji hawapati hedhi kabisa. Nao hao huja na hofu ya upande wa pili, wakisema damu chafu inajikusanya tumboni na itawaua. Hakuna damu inayojikusanya. Utando umekuwa mwembamba kiasi kwamba hakuna cha kutoka.

Matone hayo yanahitaji kuangaliwa yanapogeuka kuwa damu nyingi, na kipimo chetu ni hiki: damu inayotoka kwa zaidi ya siku 8 mfululizo, au iliyo mara mbili ya ile uliyokuwa ukipata kwenye hedhi zako za kawaida. Ukiwa hivyo, usimalizie gunia la mwisho kwanza. Njoo upimwe wingi wa damu na uangaliwe kama kuna sababu nyingine, kwa sababu zipo dawa za siku chache za kuituliza, na ukiwa umepungukiwa damu utapewa vidonge vya madini ya chuma. Vilevile damu iliyoanza ghafla baada ya muda mrefu wa utulivu, au inayokuja na maumivu makali ya chini ya tumbo, haipaswi kusingiziwa sindano kabla hujapimwa.

Mengine nayasema kwa ufupi. Wapo wanaopata kichwa kuuma, kizunguzungu au kushuka kwa hamu ya tendo, na wengi huongezeka uzito, kwa wastani kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Kichwa kinachouma kwa nguvu huku macho yakiona mimweko au giza ni jambo la kuja nalo kituoni mara moja. Sindano haikukingi na virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa. Nalo la kujua mapema ni kwamba ukiiacha kwa ajili ya kutafuta mtoto, uwezo wa kushika mimba hurudi, ila huchelewa kwa wastani wa miezi 4 zaidi kuliko kwa waliokuwa wakitumia njia nyingine. Kizazi hakijaharibika, ni zile chembe zinazomalizika taratibu, na ucheleweshaji huo unatofautiana sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo usiutegemee kama kinga baada ya tarehe yako ya mwisho.

Huna haja ya kungoja hadi urudi nyumbani. Siku mtakayopeleka korosho chama cha msingi, ikiwa njiani kuna zahanati ya serikali, ingia na kadi yako, kwa kuwa sindano unaweza kuchomwa kituo chochote kinachotoa huduma hiyo. Kama kadi imebaki nyumbani, mwambie mtu aipige picha akutumie. Na ukichomwa, kwa mfano, Jumatano tarehe 27 Novemba, hesabu mpya inaanzia siku hiyo na haianzii tarehe 4. Tarehe yako inayofuata itakuwa Jumatano ya 26 Februari, mapema kabisa tarehe 12 Februari, na mwisho tarehe 26 Machi. Mwombe muuguzi aziandike zote kwenye kadi mbele yako kabla hujatoka mlangoni.