Pampu ya maji baridi inatetemeka usiku wa majaribio

"Kaka, tunawasha mfumo wa kiyoyozi hotelini Moshi. Pampu ya maji baridi inatetemeka, fundi anasema ni beringi. Nibomoe?"

Usibomoe kwanza, mdogo wangu. Nikiwa na mwaka mmoja kazini, Arusha, saa nane usiku, nilikuta pampu ikinguruma kama imemeza changarawe. Wote tulilaumu kapilingi, kiungo cha mota na pampu, tukapoteza saa nzima kuinyoosha upya. Mlio ukabaki vilevile.

Nikabana kidogo vali ya kutokea maji. Mlio ukapungua papo hapo. Kapilingi iliyopinda haijali sana mtiririko; pampu inayokosa maji inajali. Nikasoma geji ya upande wa kuvuta: pampu ikiwa imezimwa, baa 1.2, ikizunguka, inashuka chini ya sifuri. Kabla ya chujio, presha ilikuwa karibu baa 1. Basi kizuizi kilikuwa katikati, kwenye chujio. Maji yakivutwa hivyo hutoa mapovu, nayo yakipasuka ndani ya pampu ndiyo changarawe unayoisikia.

Tukazima, tukafunga swichi kwa kufuli, tukafunga vali pande zote mbili na kutoa presha. Chujio lilitoka na mabaki ya welding, nyuzi za katani na kipande cha mfuko wa saruji (sijui nani alikitia humo!). Tulipolirudisha safi na kutoa hewa, pampu ikatulia.

Kwako, pampu ikizunguka, soma kwanza geji ya kabla ya chujio na ile ya upande wa kuvuta. Zikikaribiana na mtetemo bado upo, hapo ndipo urudi kwenye kapilingi na beringi.