Wageni wa Desemba, na safari ya Materuni iliyotutosha

Ukiwa na nyumba Moshi, Desemba haikuachi. Watani wetu wanasema Wachaga wanarudi nyumbani kuhesabiwa, nasi tunacheka, lakini ikifika tarehe 20 kweli nyumba inajaa: wifi kutoka Dar, baba mdogo kutoka Mwanza, watoto wa kila umri, na shangazi ambaye magoti hayamruhusu kupanda hata ngazi za benki. Wakishakula siku mbili wanaanza kuuliza: "Mnatupeleka wapi?"

Mwaka juzi jibu lilikuwa limeshaandaliwa. Wifi alikuwa amezungumza na wakala, na mpango ulikuwa kwenda Kreta ya Ngorongoro na kurudi siku hiyo hiyo. Tulikuwa watu 12, kwa hiyo Lendikruza mbili, kuondoka saa kumi alfajiri, kurudi usiku. Sikutaka kumvunja moyo. Nikachukua kalamu tukakaa mezani tukahesabu.

Kutoka Moshi hadi kuteremka kreta ni zaidi ya kilomita 250. Ukijumlisha kurudi na mizunguko ya ndani unakaribia 600. Gari la namna ile, likiwa limejaa na barabara ina milima, linakunywa kama lita 15 za dizeli kwa kila kilomita 100. Hizo ni lita 90 kwa gari moja, 180 kwa mawili. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takribani kilo 2.7 za hewa ukaa. (Baba mdogo alibisha: lita yenyewe haifiki kilo, itatoaje kilo mbili na zaidi? Ni kwa sababu kaboni iliyo kwenye mafuta inajiunga na oksijeni ya hewani, na oksijeni nayo ina uzito.) Kwa hiyo karibu kilo 480, sawa na kilo 40 kwa kila mtu, pamoja na mtoto wa miaka minne ambaye angelala njia nzima.

Hesabu hiyo haikumgusa mtu sana, nasema ukweli. Kilichowagusa ni nilipohesabu saa. Saa kumi hivi za kukaa garini ili upate saa nne au tano za kuangalia wanyama, tena kwa kupita mbiombio. Wifi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo tunalipa hela yote hiyo kukaa kwenye gari."

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni hili: kila siku ya raha inabeba kilomita ngapi? Ngorongoro sijaifuta. Mtu akitaka kwenda, namwambia alale Karatu usiku mbili au tatu, ili mwendo ule mrefu ugawanywe kwa siku kadhaa, na apande gari moja lililojaa badala ya mawili yenye nafasi. Safari ya mbali ya siku moja ndiyo mbaya kuliko zote, kwa mafuta na kwa msafiri.

Pendekezo la pili lilikuwa Chemka, chemchemi ya Kikuletwa kule tambarare za Hai. Ni karibu, maji ni ya vuguvugu na safi hadi unaona mizizi chini. Ila wiki ya Krismasi pale panakuwa stendi. Nilishawahi kwenda tarehe 27, tukasubiri zamu ya kuruka na kamba, na mbele yangu kulikuwa na mtu aliyejipaka losheni ya jua mwili mzima kisha akajitosa. Ikabaki utando wa mafuta juu ya maji. Maji yale hayaishii pale. Yanaingia mto Kikuletwa na kushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na njiani kuna watu wanaoyatumia kwa mashamba na mifugo. Chemka nenda Februari, siku ya kazi, asubuhi, na losheni uipake baada ya kuoga. Jua ukilikinga kwa fulana ya mikono mirefu, inatosha kabisa.

Tukaamua Materuni, kijiji cha kahawa na maporomoko ya maji kule Uru. Kutoka mjini ni kama kilomita 15 za kupanda. Kosta moja kwa watu wote 12, kwenda na kurudi, ilitumia dizeli isiyozidi lita sita au saba. Ukigawa, kila mtu hafikii hata kilo mbili za hewa ukaa. Lakini umbali peke yake haufanyi safari kuwa nzuri. Unaweza kwenda karibu ukaharibu vizuri tu, na mimi nilishaharibu.

Mara yangu ya kwanza kupeleka wageni Materuni nilifanya makosa mawili. La kwanza, niligeuka mwalimu. Soda nikakataza, muziki nikakataza, nikawatembeza saa tano nikihutubia kila mti. Watoto walinichukia. La pili, nilimkubali kijana aliyetudaka mjini na kusema yeye ni mwongoza wageni. Akatupeleka kwenye nyumba moja tukaonyeshwa "kahawa ya asili" ambayo ilikuwa imeshasagwa na kufungwa dukani. Mwenye nyumba alitutazama tu. Nadhani hakupata hata nusu ya tulichotoa.

Siku hizi nalipia kijijini penyewe, napewa risiti, na mwongoza wageni ninayemchukua ni wa hapo. Namuuliza swali moja kabla ya kuondoka: kihamba tunachokwenda, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ni cha nani, na mwenyewe atakuwepo? Akisita, najua. Kahawa ya kweli utaitambua kwa sababu inachelewa. Wanakukobolesha buni, wanazikaanga mbele yako kwenye chungu juu ya mafiga, mnatwanga kwenye kinu kwa zamu mkiimba, mnapepeta kwa ungo, ndipo maji yanachemka. Saa nzima inapita. Hapo ndipo shangazi alipokaa. Hakwenda maporomokoni hata kidogo. Alikaa kwenye kigoda chini ya migomba na mama mwenye kihamba, wakatafutana ukoo hadi wakapatana kwa upande wa Kibosho. Tuliporudi hakutaka kuondoka.

Kutembea kwenyewe kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui, na Desemba ndiyo linaonekana, maana mvua za vuli bado zinadondoka. Njia ina tope. Kila mtu anataka kukwepa tope, anapita pembeni kwenye majani. Wa pili anapita pembeni zaidi. Baada ya msimu mmoja njia iliyokuwa ya mtu mmoja inakuwa pana kama ya gari, majani yamekufa, na mvua inayofuata inachukua udongo. Mbaya zaidi ni pale njia inapopita sambamba na mfongo, ule mfereji wa maji wa wazee. Kingo za mfongo ni udongo tu. Ukiukanyaga ukingo unabomoka, maji yanamwagika kwenye kihamba cha mtu, na aliye chini anakosa zamu yake. Kwa hiyo namwambia kila mtu aje na viatu ambavyo havimsikitishi vikichafuka, na tunapita katikati ya tope, mstari mmoja. Watoto wakishaambiwa kwamba tope wameruhusiwa, hutawasikia tena wakilalamika. Viatu vinaoshwa nyumbani, si kwenye mfongo, na sabuni haifiki huko kabisa.

Tulijigawa makundi mawili ya watu sita, tukaachana kama nusu saa. Kundi la 12 linajaza njia, wenye mizigo ya majani ya ng'ombe wanalazimika kusimama pembeni ili sisi tupite, jambo ambalo mimi linaniaibisha. Kundi dogo pia linaona zaidi. Kundi letu liliona mbega wawili kwenye miti iliyo karibu na msitu. Kundi la wifi, lenye kijana mwenye spika, halikuona kitu. Spika hatukuizima kwa ugomvi. Tulikubaliana ipigwe kwenye chakula.

Maporomoko yenyewe sina haja ya kuyaeleza, picha zimejaa kila mahali. Nitasema hili tu: maji ni ya baridi kali, na ukiona yanabadilika kuwa ya kahawia au sauti inaongezeka, mvua imenyesha juu mlimani hata kama kwenu kuna jua. Toka majini, rudi nyuma. Usingoje kupiga picha ya mwisho.

Sasa chakula, ambako takataka nyingi huzaliwa. Zamani tulibeba wali kwenye vifungashio, sahani za kutupa na katoni za maji. Watu 12, lita moja na nusu kila mmoja kwa siku ya kutembea, ni lita 18. Kwa chupa za nusu lita hizo ni chupa 36, na huko juu hakuna gari la taka. Taka za kijijini huishia shimoni au kuchomwa, na plastiki ikichomwa moshi wake unaingia jikoni kwa mtu. Mwaka huo tulibeba dumu moja la lita 20 lenye maji ya kunywa, likabaki kwenye kosta, kila mtu akajaza chupa yake kabla ya kupanda. Chakula nilimwagiza mama mwenye kihamba siku mbili kabla: kiburu cha ndizi na maharage, machalari ya ndizi na nyama, na parachichi kutoka mti wa nje. Siku mbili si urembo. Kiburu kinataka maharage yaliyoloweka na muda wa kuiva taratibu, na ukimstukiza mama wa watu kwa watu 12 atakimbilia dukani kununua tambi. Sahani zilikuwa za bati na udongo. Mabaki wakala ng'ombe wa bandani, ambao hawatoki nje, na maganda yakaenda kwenye migomba.

Na soda? Soda zilikuwepo. Nilijifunza. Ila nilinunua kreti moja ya chupa za kioo pale dukani kijijini, na kwa kuwa mwenye duka anazitaka chupa zake, hakuna hata moja iliyobaki njiani. Wazee walipata mbege kwenye kata, na baba mdogo, yule mbishi wa hewa ukaa, akanywa ya tatu na kusema kwamba Ngorongoro hakuna hii.

Tulirudi Moshi saa kumi na mbili jioni, watoto wana tope hadi magotini, kreti tupu imeshapokelewa. Shangazi alikuwa ameshika mche wa mgomba uliofungwa kwa majani makavu, akauweka mapajani njia nzima, asimpe mtu.