Maelezo ya video ya vikundi vya akiba: anza na hesabu ya mgao

"Natengeneza video ya vikundi vya akiba na pesa za simu hapa Uganda. Kwenye maelezo ya chini niandike nini, watu wavutike bila kuahidiwa utajiri?"

Ndugu yangu, weka hesabu ya mgao mmoja, na uifikishe mwisho. Mimi ni mweka hazina wa kikundi hapa Busia, na kila anayetaka kujiunga huniuliza jambo moja: mwisho wa mwaka nitatoka na ngapi?

Chukua mfano huu. Hisa moja ni shilingi 5,000, na mwaka mzima wanachama wamenunua hisa 2,000, yaani akiba ya milioni 10. Riba ya mikopo na faini zimeleta milioni 1.5. Siku ya mgao, milioni 11.5 ukiigawa kwa hisa zote, kila hisa inatoka na 5,750. Mama mwenye hisa 100 aliweka 500,000, anapokea 575,000.

Wengi huishia hapo na kuandika "faida asilimia 15". Tafadhali usiishie hapo. Ile 75,000 imetoka mifukoni mwa wanachama waliokopa au kutozwa faini, na huenda mama huyo ni mmoja wao. Kama alikopa 300,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 5 ya mkopo wote kila mwezi, alilipa 45,000. Basi kilichomzidia ni 30,000. Na mkopo wa 800,000 ukipotea kabisa, hisa inashuka hadi 5,350. Hayo mtazamaji ayajue kabla hajatoa hata shilingi.

Kisha simu. Tangu 2018 serikali hutoza kodi kwenye pesa za simu, na kiwango cha kutoa ni asilimia 0.5. Akitoa 575,000 zake zote, kodi ni 2,875, na ada ya mtandao iko juu yake. Kutoa vijisehemu kila wiki hula zaidi, kwa sababu ada za viwango vidogo ni nzito ukilinganisha na pesa yenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni laini. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, lakini laini ya mwenyekiti ina namba ya siri moja tu. Sisi husoma meseji ya salio mbele ya wote kila kikao, tukailinganisha na jumla ya vitabu ukitoa mikopo iliyo nje. Salio "litakaloonyeshwa wiki ijayo" ni dalili kwamba pesa imeguswa.

Maelezo yako yanaweza kuwa hivi:

"Jinsi kikundi kinavyoweka, kukopeshana na kugawana. Mfano: akiba 500,000, mgao 575,000 kabla ya kodi na ada, kama mikopo yote imerudi. Faida hutokana na riba na faini za wanachama. Kikundi chako kinaweza kupata pungufu ya hapo, au kupata hasara."

Sentensi ya kwanza na mfano viwe juu kabisa, maana mistari ya chini hufichwa mpaka mtu abonyeze.